Than I au than me: mwongozo kamili wa kuandika ulinganisho wa Kiingereza bila kubahatisha

Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, na watu wakianza kuandika barua za kuomba kazi kwenye hoteli za kule Ruaha, sentensi zilezile hurudi kwenye madaftari ya tuisheni hapa Mbeya. "She is taller than I." "The teacher likes Upendo more than I." "He is tall than me." Mwenye daftari ameshaambiwa na mtu kwamba "than me" ni Kiingereza cha mtaani, kwa hiyo anabandika "I" kila mahali akiamini amejiokoa.

Ukweli ni kwamba sentensi ya kwanza iko sawa. Ya pili ni Kiingereza sahihi lakini imesema jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Ya tatu ina kosa, na kosa hilo halihusiani na "me" hata kidogo.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayejua Kiswahili vizuri na Kiingereza cha kuombea maji. Njia yenyewe inatumia Kiswahili chako kama kipimo, kwa sababu Kiswahili kinaonyesha waziwazi kitu ambacho Kiingereza kinakificha hapa.

## Unachohitaji

- Sentensi yako, iwe imeandikwa kwenye karatasi. Ukiifanya kichwani utaruka hatua ya pili, na hiyo ndiyo yenye kazi.
- Kalamu ya rangi nyingine.
- Jozi hizi tano: I na me, he na him, she na her, we na us, they na them. Neno la kwanza katika kila jozi ni la mtenda, yaani anayefanya. La pili ni la mtendwa, yaani anayefanyiwa. "You" na "it" hazibadiliki.
- Vitenzi visaidizi vichache: am, is, are, was, were, do, does, did, have, has, can, will.

## Hatua ya 1: Kagua kwanza upande wa kushoto wa "than"

Kabla ya kugombana na "I" na "me", tazama neno lililotangulia "than". Lazima pawe na neno lenye ulinganisho ndani yake: taller, older, better, more often, less, fewer.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba katika Kiswahili mzigo wote wa kulinganisha unabebwa na "kuliko". Tunasema "Neema ni mrefu kuliko mimi", na neno "mrefu" halibadiliki hata herufi moja. Mtu akiihamisha sentensi hiyo ilivyo anapata "Neema is tall than me", kisha anakesha akijiuliza kama aweke "I". Hata akiweka, sentensi bado imevunjika.

Kosa la upande wa pili ni kuzidisha: "more taller than". Kiingereza kinataka alama moja tu ya ulinganisho. Maneno mafupi huongezewa -er mwishoni, kama tall na taller. Maneno marefu hutanguliziwa more, kama more expensive. Usiweke vyote viwili.

Angalia pia tahajia. "Then" ni "halafu", na "than" ndiyo ya kulinganisha. Kwa matamshi yetu zinakaribiana mno, ndiyo maana jicho halizioni.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuweka kidole juu ya neno moja tu la ulinganisho kabla ya "than", na "than" yenyewe ina herufi a.

## Hatua ya 2: Irefushe "kuliko mimi" kwa Kiswahili

Chukua wazo lako kwa Kiswahili. Usiishie kwenye "kuliko mimi". Endelea mpaka utaje kitenzi, na kitenzi hicho kiwe na -vyo- ndani yake.

Tuchukue sentensi ya mwalimu na Upendo. "Mwalimu anampenda Upendo kuliko mimi" inaweza kubeba mawazo mawili. Ukiirefusha, yanatengana:

Mwalimu anampenda Upendo kuliko ninavyompenda mimi.

Mwalimu anampenda Upendo kuliko anavyonipenda mimi.

Katika ya kwanza, mimi na mwalimu sote tunampenda Upendo, ila mwalimu amenizidi. Katika ya pili, mwalimu ana wanafunzi wawili mkononi, Upendo na mimi, na moyo wake uko zaidi kwa Upendo. Ni habari mbili tofauti kabisa. "Kuliko mimi" inazifunika zote mbili, na msikilizaji wetu huchagua moja kwa kuangalia mazungumzo yanakoelekea.

Kama sentensi haina kitendo bali inaeleza hali, urefu au umri, urefusho wake ni "nilivyo": Neema ni mrefu kuliko nilivyo mimi. Kama inahusu kuwa na kitu, fuata ngeli ya kitu hicho: ana parachichi nyingi kuliko nilizonazo mimi.

Usiuruke urefusho kwa kuwa sentensi inaonekana rahisi. Sentensi zinazoonekana rahisi ndizo ambazo mtu huandika "I" huku anataka kusema "me".

Hatua hii imekamilika ukisoma urefusho wako kwa sauti na ukaona kuna maana moja tu iliyobaki.

## Hatua ya 3: Tazama "ni" imekaa wapi

Piga mstari kwa kalamu ya rangi chini ya "ni" inayokuhusu wewe ndani ya kitenzi ulichokirefusha.

Ikiwa mwanzoni mwa kitenzi (ninavyompenda, nilivyo, nilizonazo), wewe ndiye mtenda. Andika "I".

Ikiwa katikati, kabla ya mzizi (anavyo-ni-penda), wewe ndiye mtendwa. Andika "me".

Ikiwa haimo kabisa ndani ya kitenzi, na badala yake umepata "nami", "na mimi" au "kwangu" pembeni, andika "me" na urudie kihusishi chake. "Aliongea na Juma zaidi kuliko alivyoongea nami" inakuwa "He talked to Juma more than to me." Ile "to" ya pili ni fupi lakini inaondoa shaka yote. Ukiiacha, msomaji anaweza kudhani wewe pia ulikuwa unaongea na Juma.

Sasa vipi kuhusu yeye, sisi na wao? Hapa kipimo kinateleza kidogo. "Anavyompenda" ina a- mwanzoni na -m- katikati, na zote mbili ni za yeye, kwa hiyo jicho linachanganyikiwa. Na "tu" ya sisi na "wa" ya wao zina sura ileile popote zinapokaa. Njia rahisi ni kujiweka wewe mwenyewe mahali pa huyo mtu kwanza. Fanya kipimo kwa "mimi", upate I au me, kisha nenda kwenye jozi zako: kama jibu ni I, andika he, she, we au they, kama ni me, andika him, her, us au them.

Ukimaliza hatua hii unatakiwa uweze kumwambia mtu kwa nini umechagua neno hilo bila kutamka "ndivyo nilivyofundishwa".

## Hatua ya 4: Andika kitenzi cha Kiingereza baada ya "than"

Watu wengi wakishapata I au me huweka nukta. Subiri kwanza. Andika sentensi nzima, pamoja na kitenzi kilichofichwa.

Kama jibu ni I, ongeza kitenzi kisaidizi kinacholingana na kile cha upande wa kushoto:

- She is taller than I am.
- She runs faster than I do.
- She ran faster than I did.
- She can cook better than I can.
- She has finished more work than I have.

Kama jibu ni me, rudia mtenda na kitendo: "The teacher likes Upendo more than she likes me."

Hapa kuna makosa mawili ya kuyakwepa. La kwanza ni "than I does". Kitenzi kinamfuata I, hakimfuati yule wa kwanza, hata kama upande wa kushoto kuna "runs". La pili ni "than me am" au "than me do". Hiyo si lugha ya mtaani wala ya ofisini. Kitenzi kikifuata, "me" haikai hapo kamwe.

Zingatia pia wakati. "My daughter is taller now than I was at her age" haitaki "am", kwa sababu unalinganisha urefu wake wa leo na urefu wako wa zamani. Kiswahili kitakuonya: ungesema "kuliko nilivyokuwa", si "kuliko nilivyo".

## Hatua ya 5: Amua kama kitenzi kibaki au kiondoke

Sasa ndipo swali ambalo watu huulizana linapopata jibu: ukikiondoa kitenzi, ni lipi sahihi?

Kama hakuna mtendwa upande wa kushoto, mfano "Neema is taller than…", zote mbili zinakubalika. "Neema is taller than I" ni sahihi. "Neema is taller than me" nayo ni sahihi. Ya kwanza inaichukulia "than" kama kiunganishi kinachotanguliza sentensi nyingine, "I am", ambayo imekatwa mkia. Ya pili inaichukulia kama kihusishi, sawa na "with" au "for", na kihusishi kinafuatwa na "me". Kamusi ya Merriam-Webster inaiorodhesha "than" kwa kazi zote mbili.

Wapo walimu wa msimamo mkali wanaosema "than" ni kiunganishi tu. Siafikiani nao, lakini ni haki yako kujua wapo, kwa sababu mmoja wao anaweza kuwa ndiye anayesahihisha karatasi yako.

Tofauti iliyobaki ni ya mavazi. "Than me" ni ya mazungumzo na ujumbe wa simu. "Than I" peke yake ni ya kizamani kidogo. Ukiitamka stendi ya Nane Nane watu watageuka. "Than I am" inakaa popote na haimkeri yeyote, yule wa msimamo mkali akiwemo.

Kama kuna mtendwa upande wa kushoto, mfano "The teacher likes Upendo more than…", mambo yanabadilika. "Than I" ina maana moja tu: kuliko ninavyompenda Upendo. "Than me" inaweza kusomwa kwa njia zote mbili, ingawa msomaji makini huielewa zaidi kama "kuliko anavyonipenda". Hapa usikidondoshe kitenzi. Andika "than I do" au "than she likes me".

Na hii ndiyo sehemu wanayoisahau wanaosema "me ni kosa siku zote": hata kwa kanuni yao wenyewe, "me" inatakiwa pale unapofanyiwa. Kanuni yao inasema rudisha kitenzi uone. Ukikirudisha unapata "than she likes me". Anayebandika "I" hapo amevunja kanuni aliyodhani anaitetea.

## Ushahidi ulioko mezani kwako

Ukiwa na Biblia ya Kiingereza ile ya mwaka 1611, ya King James, unaweza kuviona vyote hivi ndani ya kitabu kimoja.

Yohana 14:28: "my Father is greater than I." Hakuna mtendwa. Urefusho ni "kuliko nilivyo mimi", "ni" iko mwanzoni, wameandika I.

Mathayo 10:37: "He that loveth father or mother more than me is not worthy of me." Kuna mtendwa, baba au mama. Urefusho ni "kuliko anavyonipenda mimi", "ni" iko katikati, wameandika me. Jaribu kuibadilisha iwe "more than I" uone: sasa inamhukumu mtu anayempenda baba yake kuliko Yesu anavyompenda huyo baba. Fundisho zima limegeuka kwa herufi moja.

Ukisoma aya hizo kwa Kiswahili, zote mbili zina "kuliko mimi". Ndiyo sababu sikio letu halitusaidii hapa mpaka turefushe.

Halafu kuna Mithali 27:3: "a fool's wrath is heavier than them both." Kwa kanuni kali ilipaswa kuwa "they". Watafsiri wale waliweka "them", maana yake "than" kama kihusishi si uvivu wa vijana wa leo.

## Kazi iliyofanywa mwanzo hadi mwisho

Tuchukue aya ya insha ya aina ninayoiona mara nyingi, kuhusu dada:

"My sister is more taller than me. She knows Mwanjelwa market than I. The traders greet her more than I. She can bargain better than me. Our mother talks to her more than I."

Sentensi ya kwanza. Hatua ya 1 inainasa: "more taller" ina alama mbili. Ondoa "more". Urefusho ni "kuliko nilivyo", kwa hiyo I. Hakuna mtendwa, "than me" ingepita kwenye mazungumzo, lakini hii ni insha. *My sister is taller than I am.*

Ya pili. Hakuna neno la ulinganisho. Mwandishi aliwaza "analijua soko la Mwanjelwa kuliko mimi", na "kuliko" ikambeba. Ongeza "better". Urefusho ni "kuliko ninavyolijua", I. Kuna mtendwa, soko, kwa hiyo kitenzi kinabaki: *She knows Mwanjelwa market better than I do.* Ukiandika "better than me", mtu mtundu atasoma kwamba dada analijua soko kuliko anavyokujua wewe.

Ya tatu. Hapa ndipo mwandishi alipojichoma. Alitaka kusema wafanyabiashara wanamsalimia dada zaidi, yeye wanampita tu: "kuliko wanavyonisalimia". "Ni" iko katikati, jibu ni me. Kwa kuandika I amesema kwamba wafanyabiashara wanamsalimia dada kuliko yeye anavyomsalimia dada yake, na ghafla anaonekana mkosefu wa adabu nyumbani. *The traders greet her more often than they greet me.*

Ya nne. "Kuliko ninavyoweza", I, na kisaidizi kipo tayari upande wa kushoto. *She can bargain better than I can.* Ile "than me" aliyoandika haikuwa kosa la sarufi. Nimeibadilisha ili insha iwe na mavazi ya aina moja.

Ya tano. "Mama anaongea naye zaidi kuliko anavyoongea nami." "Nami" iko pembeni, basi ni me na kihusishi kirudiwe. *Our mother talks to her more than to me.*

Hesabu vizuri: katika sentensi tano, "me" mbili alizoandika hazikuwa na kosa la sarufi, na kati ya "I" tatu, mbili zilipotosha maana. Hofu ya "me" ilimgharimu kuliko "me" yenyewe.

## Sehemu zinazosumbua hata baada ya hatua zote

Mkiwa wawili. "They are older than Juma and I" au "Juma and me"? Mwondoe Juma, fanya kipimo peke yako, kisha mrudishe. "They are older than Juma and I are" ni sahihi lakini inakwama mdomoni. Andika "older than we are" uendelee na safari.

"Than myself". Wengine hukimbilia hapa ili wasichague. Haisaidii. Kwenye "She is taller than myself" msahihishaji anaona mtu aliyekwepa swali, na kwenye sentensi yenye mtendwa utata unabaki palepale.

Majina na "you". "Neema visits Grandmother more than Juma." Juma ni mtenda au mtendwa? Jina halibadiliki sura, kwa hiyo Kiingereza hakina namna ya kukuonyesha isipokuwa kitenzi: "more than Juma does" au "more than she visits Juma". "You" ni vivyo hivyo. "I miss her more than you" ni ujumbe uliotosha kununisha mchumba. Andika "more than you do", kama ndicho ulichomaanisha.

"As… as". "She is as tall as I am", "as tall as me". Hatua zilezile, majibu yaleyale, ila Kiswahili chake ni "kama" badala ya "kuliko": mrefu kama nilivyo.

"Other than". Hapa usirefushe chochote, kwa sababu hakuna ulinganisho wa kitendo wala hali. Maana yake ni "isipokuwa". "Nobody other than me had the key": andika me.